Almasi nyeupe kwenye mchoro wa klasi: tuiache?

Chipukizi: Wakuu, almasi nyeusi naielewa. Hii nyeupe inaniambia nini ambacho mstari mtupu hausemi? Kama hakuna, si tuiache tu?

Mzee wa Michoro: Iacheni. Hata UML 2 inakiri kwamba maana yake kamili hutegemea fani na mchoraji. Chukua huu:

```
OrodhaYaNyimbo <>0..* ------ 1..* Wimbo
```

Simama kwenye orodha, fuata mstari hadi mwisho, soma namba ya huko: orodha moja ina wimbo mmoja au zaidi. Sasa rudi upande wa pili: wimbo mmoja waweza kuwa ndani ya orodha nyingi, au usiwe ndani ya yoyote. Sasa futa almasi usome tena. Kuna kilichobadilika?

Pembetatu: Ya kwangu nyeupe ilikuwa na mshale unaoelekea klasi mama, na mwalimu akanikata alama. Kwa hiyo haifai kweli.

Mzee wa Michoro: Hiyo ni pembetatu ya urithi, ndugu yangu. Almasi ina ncha nne na hukaa upande wa kizima. Hatuzungumzii hiyo hapa.

Mama Seva: Mimi natazama hifadhidata. Nyeusi ni `ON DELETE CASCADE`: kizima kikifutwa, vijenzi vyote vinakwenda nacho. Nyeupe ni kinyume chake, vinabaki. Hiyo ndiyo faida yake.

Mzee wa Michoro: Umepata nusu, mama. Vinavyokwenda ni vile vilivyomo wakati ule wa kufuta. Tazama:

```
Gari <#>0..1 ------ 1 Injini
```

Hiyo `<#>` ndiyo almasi nyeusi, kibodi yangu haina nyingine. `0..1` inaruhusu injini kuwepo bila gari, kwa hiyo ukiitoa kabla gari halijafutwa, inapona. Isichoweza ni kuwa ndani ya magari mawili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ukikuta `*` kando ya almasi nyeusi, usiumize kichwa kutafuta maana, mchoro wenyewe una kosa. Na kubaki kwa vijenzi si sifa ya nyeupe peke yake. Mstari mtupu nao haufuti kitu.

Mama Seva: Hapo kwenye `0..1` nimekuelewa. Lakini nikiona nyeupe najua papo hapo nani kizima na nani kijenzi. Mstari mtupu kati ya `Timu` na `Mchezaji` hauniambii hilo.

Mzee wa Michoro: Andika "ina" juu ya mstari, na kijipembe cheusi kinachoelekea `Mchezaji`. Msomaji hatabahatisha.

Mama Seva: Kwenye mchoro wa klasi arobaini? Maneno yatajaa ukurasa. Mimi nyeupe naibakiza, ila nitaandika pembeni timu yetu inaitumia kwa maana gani.

Chipukizi: Na mkaguzi akitoka timu nyingine, asiisome hiyo pembeni?