Tupeane uzoefu: mlimsimulia hadithi gani mkubwa alipozaliwa mdogo wake?

Mama Kisauni: Binti yangu ana miaka mitano, yuko PP2. Juzi nimejifungua wa pili, msichana pia. Wageni wakija anajigamba, "Huyu ni mdogo wangu!" Wakishatoka ananiambia nimrudishe hospitali. Nataka hadithi ya usiku, isiwe ya kumkaripia. Nyinyi mlisimulia ipi?

Baba Pacha Likoni: Wangu ni pacha, wanagombania hata upande wa kitanda. Nawasimulia ya sungura mwenye choyo aliyefukuzwa na wenziwe. Wanatulia.

Mwalimu wa Majengo: Baba Pacha, hao wako walikuja pamoja. Huyu alikuwa peke yake na sasa amepokonywa nafasi. Ukimwambia mwenye choyo hufukuzwa, atadhani anayefuata ni yeye.

Mimi hii yangu naisimulia darasani kila mama wa mmoja wao akijifungua. Mtoto wa hadithi nampa jina lisilo la yeyote pale, ili mwenye wivu apate pa kujificha.

Paukwa! Pakawa! Alikuwepo Mwanaisha, na kila baada ya magharibi alikuwa na mahali pake mkekani, ubavuni mwa mamake. Siku moja mama akarudi na leso, ndani ya leso mna mtu! Hana meno, hajui kusema, kazi yake kulia: nyaa, nyaa! Majirani wakaja na uji, wakaja na supu, wote wakampita Mwanaisha mlangoni. "Yuko wapi mtoto? Yuko wapi mtoto?" Mwanaisha akajiuliza, kwani mimi ni nani?

Hapo nanyamaza. Darasa zima hupiga kelele: "Na yeye ni mtoto!"

Usiku akakuta mahali pake pamelaliwa. Akamwambia bibi, "Mrudisheni." Bibi hakumgombeza. Akasema, "Umeona mahali pako pamechukuliwa, eh? Njoo." Akamkalisha, mgongo ukutani, mto mapajani, kichwa cha mtoto mkononi mwake. Mwanaisha akatia kidole katika kile kiganja. Kikafumba! Akavuta, hakiachii. "Bibi, amenishika!" Asubuhi jirani akabisha: "Yuko wapi mtoto?" Mwanaisha akasimama mlangoni. "Amelala. Mimi ndiye dadake." Usiku mtoto akalia tena nyaa, nyaa, na Mwanaisha akaziba masikio.

Hayo masikio msiyaondoe. Ukimalizia kwamba wivu uliisha, mwanao ataamka kesho na wivu wake ajione yeye ndiye mbaya.

Nesi Mstaafu: Hapo kwenye kidole pamenifurahisha, kwa sababu mtoto anaweza kupajaribu nyumbani na hapaongopi. Mtoto mchanga ukimgusa kiganja hufumba mwenyewe, bila kukusudia, na hali hiyo huisha akifika miezi mitano, sita hivi. Kwa hivyo msimwambie mkubwa "amekushika kwa kuwa anakupenda". Siku kiganja kisipofumba atavunjika moyo. "Amekushika" yatosha. Anawe mikono kwanza, akae chini, na mtu mzima asiondoke pale. Asogeze uso karibu, kama urefu wa rula ya shule, maana mbali zaidi ya hapo mtoto haoni vizuri.

Shoga wa Bamburi: Jamani, hadithi za nini? Mnunulieni zawadi mseme imetoka kwa mtoto, wivu unakwisha.

Baba Pacha Likoni: Kwa wa miaka miwili labda. Mpwa wangu wa mitano aliuliza, "Alienda duka gani, na hajui kutembea?"

Mwalimu wa Majengo: Zawadi si mbaya, shoga, ila iwe ya mama na isemwe ni ya mama.

Mama Kisauni: Nimeisimulia jana. Alipofika kwa "mrudisheni" akanishika mkono, "Hapo rudia." Nikarudia, akataka tena. Kwa bibi hata hatukufika, akalala. Ila ameanza kukojoa kitandani, na alishaacha zamani. Hadithi itasaidia?

Nesi Mstaafu: Wengi hurudi nyuma hivyo mdogo akizaliwa, kisha hupita. Badilisha shuka kimya, usimwaibishe mbele ya wageni. Akilia kwa maumivu akikojoa, au akiwa na kiu isiyokatika, huo si wivu, mpeleke hospitali. Na leo anzia kwa "mrudisheni", ndipo anapopataka.

Mwalimu wa Majengo: Na umsimulie wakati mdogo yuko kwa babake. Usimulie ukiwa mkono mtupu.

Shoga wa Bamburi: Hapo sikubaliani. Mimi ningesimulia nikinyonyesha, maana ndio wakati wivu unapopanda. Ajue hata mama akinyonyesha, hadithi ni yake.

Mama Kisauni: Leo babake yuko zamu bandarini, nitajaribu la shoga. Kesho la Mwalimu.