Milioni 1.8 ya viazi: niiweke wapi iwe ya dharura?

Mama wa Uyole: Heshima zenu wakuu. Nina mgahawa mdogo hapa Uyole, mume wangu ana bajaji. Tumeuza viazi, tumebakiwa na 1,800,000 na tumekubaliana iwe ya dharura tu. Benki wananivutia kwenye akaunti ya muda maalumu ya mwaka, riba yake nzuri. Kiasi kinatosha? Na akaunti hiyo inafaa?

Kijana wa Mafinga: Dada, peleka Vikoba. Hisa zinazaa, na ukikwama unakopa siku hiyohiyo.

Mhasibu Iringa: Unakopa kama sanduku lina hela. Januari wazazi wote wanakimbilia sanduku hilo hilo kwa ajili ya shule, na wewe utakwama pamoja nao.

Mama, tuanze na kiasi. Usihesabu mauzo, hesabu yale ambayo hata mgahawa ukifungwa lazima uyalipe. Kwa mwezi ni shilingi ngapi?

Mama wa Uyole: Kodi 80,000, chakula 250,000, umeme na maji 30,000, nauli za watoto 40,000.

Mhasibu Iringa: Hiyo ni 400,000. Mwenye mshahara ningemwambia miezi mitatu. Ninyi wote wawili mnategemea riziki ya kila siku, ningelenga sita, yaani 2,400,000. Ulichonacho ni miezi minne na nusu, mwanzo mzuri.

Akaunti ya muda maalumu hapana. Ukiivunja kabla ya wakati, riba unaipoteza yote au sehemu kubwa, na nyingine zinataka utoe taarifa mapema. Mtoto akilazwa usiku, taarifa utampa nani? Weka 400,000 kwenye akaunti ya kawaida ya akiba yenye kadi, tofauti na ile ya biashara. Zinazobaki peleka Mfuko wa Ukwasi wa UTT, uwekezaji wa pamoja unaonunua kwa vipande: hakuna kufungiwa, ila ukiuza vipande hela huchukua siku za kazi, mara nyingi hadi tatu. Ukiomba Ijumaa jioni, usiitegemee wikendi.

Mnjombe: Usalama nao uangalie. Benki yetu ya wananchi ya Njombe ilifungwa na Benki Kuu Januari 2018. Wakati ule bima ya amana iliishia 1,500,000 kwa mteja. Tangu 2023 ni 7,500,000, kwa hiyo yako yote ingelindwa benki. UTT bima hiyo haipo, ule ni uwekezaji.

Mhasibu Iringa: Ni kweli. Asiyetaka hilo aache zote kwenye akiba ya kawaida, avumilie riba ndogo.

Dereva wa Tunduma: Mimi nina milioni tatu, ninunue kiwanja Vwawa au nisubiri?

Mhasibu Iringa: Fungua uzi wako mkuu. Kiwanja hakiuziki kwa siku moja bila kushusha bei.

Mama wa Uyole: Nimeelewa. Ila akaunti itakuwa kwa jina langu. Nikilazwa mimi, mume wangu atatoaje?

Mnjombe: Fungueni ya pamoja, ila mhakikishe saini ya mmoja inatosha. Wakitaka zote mbili, mmekwama palepale.

Kijana wa Mafinga: Au mpe namba ya siri ya kadi.

Mhasibu Iringa: Namba ya siri usimpe mtu. Ya pamoja ni bora kwa hizo 400,000. Kwa upande wa UTT sina uhakika mume atatoaje, waulize wenyewe kabla hujapeleka.