Chembechembe nyeusi mguuni kwa mdogo wangu: tukubali akatwe?

Yaya wa Katuba
Habari zenu ndugu, niko Lubumbashi. Mdogo wangu ana miaka 29, anachoma makala upande wa njia ya Kasenga. Miaka minne iliyopita mwiba ulimchoma unyayoni. Jeraha lilifunga, kisha kukabaki kivimbe kigumu kisichouma. Sasa mguu wa kulia umevimba hadi kwenye kifundo, una vitundu saba. Kimoja kinafunga, kingine kinafunguka pembeni. Katika usaha mnatoka vitu vyeusi kama unga wa makala, nasi tuliamini ni makala yenyewe yaliyoingia kazini. Amemaliza antibiotiki mara nne bila nafuu. Daktari mmoja anasema akatwe chini ya goti. Mama analia kila siku. Tufanye nini?

Baba Neema
Pole dada. Hayo ni matende. Kuna dawa wanayogawa bure kwenye kampeni, mpeleke.

Mtu wa Ibanda
Matende hayatoi chembechembe. Mimi niko Bukavu, nilikuwa na mguu kama huo, ila chembe zangu zilikuwa nyekundu. Nilipewa kotrimoksazoli kwa miezi mingi pamoja na sindano za amikasini kwa vipindi, wakinipima figo na masikio. Nilipona, natembea. Mwambieni daktari awape hizo hizo.

Kibao cha Kioo
Nimefanya kazi ya maabara miaka 22. Ndugu wa Ibanda amesema kweli kuhusu mguu wake, lakini dawa zake hazitamfaa huyu kijana. Ugonjwa ni mmoja kwa sura, misetoma, ila wanaousababisha ni wa aina mbili. Chembe nyekundu ni bakteria, na bakteria husikia antibiotiki. Chembe nyeusi ni kuvu, mara nyingi Madurella, na hapo kotrimoksazoli ni kupoteza mwaka mwingine. Nyeupe au njano ndizo zinazosumbua, maana zinaweza kuwa huku au kule.

Yaya, kwanza hakikisheni si makala kweli. Jioni osha mguu vizuri, funika vitundu kwa gazi safi iliyolowa maji ya chumvi ya hospitali, acha hadi asubuhi. Chembe zitanasa kwenye gazi. Maabara waiponde moja katika potasi juu ya kioo na kutazama kwa darubini. Unga wa makala hauna nyuzi ndani, chembe ya kuvu inazo, nene.

Jeune wa Kenya
Kama ni kuvu, si mnunue flukonazoli farmasi? Ni bei nafuu.

Kibao cha Kioo
Kuvu ndiyo, lakini Madurella haisikii flukonazoli. Inayotumika ni itrakonazoli, kwa kawaida miligramu 200 asubuhi na 200 jioni, na kwa kidonge cha kapsuli ni lazima ale chakula. Akiwa anakunywa omeprazoli ya tumbo, kapsuli hainyonywi vizuri, amwambie daktari. Ini lipimwe kabla na katikati ya matibabu. Msianze wenyewe.

Kabla ya dawa ifanywe biopsi ya ndani, si pamba ya juu ya kitundu, kwa sababu juu mna bakteria wengine wanaopotosha majibu. Hapa ndipo kazi huharibika: nyama yote inatiwa kwenye formalini. Formalini inaua kuvu, basi haioti tena. Kipande kimoja kiende kwenye formalini, kingine kwenye chupa safi yenye maji ya chumvi. Kuota kunachukua wiki kadhaa.

Yaya wa Katuba
Asante mzee. Na kukatwa?

Kibao cha Kioo
Huko Khartoum, kwenye kituo cha utafiti wa misetoma kilichoanzishwa 1991, wagonjwa wa kuvu walikuwa wakipewa itrakonazoli karibu miezi sita kwanza. Uvimbe hujikusanya na kupata ganda, kisha daktari wa upasuaji huutoa wote mgonjwa akiwa amelala kwa dawa, si kwa ganzi ya kuchomwa pale pale. Dawa inaendelea baada ya hapo, jumla mwaka au zaidi. Hata hivyo hurudi kwa wengine. Fanyeni radio ya mguu, ile picha ya mifupa. Ikiwa mifupa imetobolewa sana, daktari wenu huenda ana sababu.

Mtu wa Ibanda
Nimeelewa, mzee. Lakini mwaka mzima wa itrakonazoli, mchoma makala atailipa na nini?

Yaya wa Katuba
Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Tumeuliza farmasi tatu, moja tu ndiyo inayo, na ni vidonge vya wiki mbili. Gazi tuliweka jana usiku. Asubuhi nimehesabu chembe tisa. Nimezisugua kwenye kitambaa cheupe, hazikuacha alama ya makala. Kesho tunazipeleka maabara pamoja na yeye kwenye radio, nitarudi kuwaambia walichoona kwenye mifupa.