Nimpe alama ngapi dizaina ambaye kazi zake "hazina mvuto"?

Mbagala Kuu: Wakuu, habari za jioni. Niko kitengo cha masoko, kampuni ndogo ya juisi hapa Dar. Ijumaa natakiwa kukabidhi fomu ya tathmini ya dizaina wetu, binti wa mwaka wa pili kazini. Kipengele cha "ubunifu" kina alama 1 hadi 5, hakuna maelezo mengine. Mimi naona kazi zake zimepoa, ila wenye maduka wanazisifia. Nimpe ngapi bila kumwonea? Usingizi sina.

Mzee wa Tandika: Mpe 3 yaishe. Riziki ya mtoto wa mwenzio usiichezee, kijana wangu.

Kapuku Tegeta: Rahisi tu. Hesabu kazi anazotoa kwa wiki. Namba haina upendeleo.

Fundi Wino: Kapuku, tangazo la kurusha status ni kazi ya saa moja, lebo ya chupa inaweza kula wiki. Ukihesabu vipande, atakayekimbilia vidogo ndiye atakayeshinda. Kuhesabu ni sawa, ila hesabu marudio. Mleta mada, kazi zake zinarudiwa mara ngapi, na kwa sababu gani?

Mama Twalib: Mimi nina duka la nguo Sinza. Dizaina alinibadilishia bango mara 6, mwisho nikachukua lile la kwanza kabisa. Nikamlalamikia kachelewa, maskini.

Mbagala Kuu: Mkuu Fundi, zinarudiwa sana, ndilo tatizo lenyewe. Lebo ya juisi ya embe imerudiwa mara 9!

Fundi Wino: Mama Twalib ameshakujibu bila kujua. Fungua meseji zenu, tuandikie sababu ya kila mara, moja moja.

Mbagala Kuu: Mara ya kwanza alituma faili la RGB, yaani rangi za skrini, bluu ikatoka zambarau kwenye karatasi. Mara ya pili hakuacha ile ziada ya milimita 3 pembeni, kisu kikaacha ukingo mweupe. Saba zilizobaki... bosi alitaka embe liwe kubwa, kisha dogo, kisha picha ya shamba iwekwe, kisha itolewe. Iliyochapwa mwishoni ni toleo la tatu. Lakini mtu mbunifu si angemshika bosi mapema?

Mama Twalib: Kuna kitu hujasema, mwanangu. Kinachokunyima usingizi si hiyo namba.

Mbagala Kuu: Haya. Alama 2 nimeshaiandika na bosi kaiona. Mpwa wake kamaliza chuo, naye anachora. Ila siyo sababu, mimi nilishaona udhaifu zamani.

Kijiwe cha Mchana: Hii chai. Msimamizi gani wa juisi anaijua RGB na milimita za kukatia? Aliyeandika ni dizaina mwenyewe, anatafuta watu wa kumtetea.

Kapuku Tegeta: Hata mimi nimenusa. Tangawizi imezidi.

Mbagala Kuu: Wallahi siyo. Lebo 2,000 zilitupwa, mchapaji akanipigia kunieleza sababu. Hela ile niliiombea mimi kibali.

Fundi Wino: Awe yeye, awe binti, kazi ni ileile. Gawa marudio mafungu mawili. Yale 2 ni makosa yake, na hayahusu ladha. Yaandike na tarehe zake, kisha angalia faili alizotuma baada ya hapo. Kama zote zimekuja CMYK, yaani rangi za kuchapia, na ziada ipo, amejifunza, na hilo nalo liandike. Yale 7 ni ya mtoa maelekezo, usiyaweke kwenye fomu ya binti.

Inabaki ladha. Panga chupa yenu kwenye friji la duka katikati ya juisi nyingine, simama hatua nne, muulize mteja asiyekujua ameona nini kwanza. Uliza watu 10. Wakitaja embe na jina lenu, lebo imefanya kazi iliyotumwa. Kama ni nzuri au mbaya, hapo hutajua. Kwa hilo tafuta wenzako wawili, kila mmoja aandike alama peke yake kabla hajaiona ya bosi. Wakipishana sana, ujue fomu haisemi inapima nini.

Na kitu kimoja: maelekezo ya lebo yalisemaje?

Mbagala Kuu: Hayakuandikwa. Bosi alituma sauti ya sekunde 12: "Fanya kitu kitamu, kivutie."

Mzee wa Tandika: Kitamu kwa mdomo wa nani sasa?

Kapuku Tegeta: Mimi naona mkataba wake ukiisha msimpe mwingine, hakuna kesi.

Fundi Wino: Siyo lazima iwe hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu kutohuisha mkataba kuwa ni kuachisha kazi, kama mfanyakazi alikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia mwingine. Mleta mada, mliwahi kumwambia ataendelea?

Mbagala Kuu: Mwezi wa tatu nilimwambia mimi mwenyewe aanze kufikiria kalenda ya mwakani.

Friji la duka nitalijaribu kesho, na wenzangu wawili nitawaomba. Ila fomu iko mezani kwa bosi, na sijui nitaiombaje irudi.