Fimbo ya dizeli: uwiano, fomula, au kujaza na kuweka alama?

Mkulima_Njoro
Hamjambo wadau. Nina tangi la dizeli shambani, pipa refu la chuma lililolazwa juu ya mawe. Kipenyo cha ndani ni sentimita 120, urefu mita 2.4, kwa hiyo likijaa ni kama lita 2,714. Jumatatu fimbo ilisoma 60, nusu kamili. Jumamosi ikasoma 30. Nikapiga hesabu: 30 kwa 120 ni robo, zimebaki lita 679, basi zilizotoka ni 678. Lakini kitabu cha dereva, anachojaza kwa mita ya pampu, kinasema ametoa 815. Hizo 137 za ziada ameandikia nini kama si kuziuza? Yeye anaapa kwa jina la mamake. Jirani mmoja ananiambia nitumie fomula, mwingine anasema nimwage tangi nilijaze upya nikichora alama kwenye fimbo. Nifuate lipi?

Trekta_Moja
Robo ya fimbo si robo ya tangi, mzee. Kwenye tangi la kulala, zidisha jibu lako kwa 0.8 na umemaliza. 679 mara 0.8 ni 543. Mimi nimefanya hivyo miaka.

Mpima_Kisumu
Trekta_Moja, hapo kwenye 30 umekaribia, lakini ni bahati ya hiyo sentimita 30. Fimbo ikisoma 12, uwiano unasema lita 271 na ukweli ni 141, karibu nusu tu. Na ikisoma 90, uwiano unasema 2,036 ilhali ndani mna 2,183. Hapo ukizidisha kwa 0.8 unajiibia mwenyewe. Hakuna namba moja inayofaa tangi zima.

Mkulima, nimeshika fimbo kwenye kituo cha mafuta miaka 11, hebu tazama hivi. Uso wa dizeli ndani ya tangi lako ni mstatili: urefu ni mita 2.4 wakati wote, upana hubadilika. Ukiwa katikati, upana ni sentimita 120 kamili, na sentimita moja ya fimbo ni karibu lita 29. Ukishuka hadi 30, upana ni kama 104, sentimita moja ni lita 25. Ukifika 5 kutoka chini, upana haufiki hata 50, na sentimita moja haifiki lita 12. Wewe ulishuka kutoka 60 hadi 30, sehemu pana kabisa ya tumbo. Lazima zitoke nyingi kuliko robo.

Weka hii kwenye Excel, urefu A1, nusu kipenyo B1, kina C1, zote kwa mita:

```
=A1*(B1^2*ACOS((B1-C1)/B1)-(B1-C1)*SQRT(2*B1*C1-C1^2))*1000
```

Kwa 0.30 inatoa lita 531. Kwa 0.60 inatoa 1,357. Zilizotoka ni 826. Dereva wako ameandika 815. Kama kuna mtu wa kuombwa radhi, si wewe.

Mama_Kinu_Bungoma
Mbona mimi tangi langu la jenereta ya kinu linatoka sawa kwa uwiano? Nusu ni nusu, robo ni robo, miaka 3 sijawahi kukosana na mtu wa bauza.

Mpima_Kisumu
Mama, lako limesimama au limelala?

Mama_Kinu_Bungoma
Limesimama, lile jeusi la plastiki.

Mpima_Kisumu
Basi uko sawa. Lililosimama halibadiliki upana.

Mkulima_Njoro
Nimeijaribu fomula kwa kikokotoo cha simu kwanza, sina kompyuta karibu. Imeniletea lita 51,466! Tangi lote ni 2,714. Hii fomula yenu ni ya meli?

Mpima_Kisumu
Kikokotoo chako kiko kwenye DEG. Kibadilishe kiwe RAD. Kwenye digrii, ile acos inakupa 60 badala ya 1.047, na kila kitu kinafura. Excel hutumia radiani yenyewe, haina shida hiyo. Dawa ni kujaribu nusu kwanza: weka kina 0.6, ukikosa 1,357 usiendelee.

Fundi_Kakamega
Mimi niko upande wa kujaza na kuweka alama. Fomula inaamini tangi lako ni silinda safi yenye vichwa bapa. Matangi mengi ninayochomelea vichwa vyake vimefura kidogo kama sufuria, na hayo mafuta ya kwenye uvimbe fomula haiyajui. Mengine yamebonyea pale yalipokaa juu ya jiwe. Ukijaza kwa kipimo na kuchora fimbo, uvimbe na bonyeo vyote vinaingia humo humo.

Mpima_Kisumu
Kweli, mradi kipimo ni kipimo. Watu hutumia dumu la lita 20 la mafuta ya kupikia wakilijaza hadi mdomoni. Likiwa linabeba 21, ukimimina mara 50 umeshapotea lita 50, na umeziandika kwenye fimbo milele. Tumia chombo kama kile cha watu wa vipimo wanachokuja nacho kukagua pampu, kile chenye shingo nyembamba na alama ya 20 shingoni. Au mita ya bauza, lakini lisimamishwe kila baada ya lita 200, usubiri uso utulie ndipo udipu. Dereva wa bauza atakununia. Na tangi liwe tupu, matope yaoshwe.

Mkulima, kabla hujamwaga chochote: tundu la fimbo liko wapi, na tangi limekaa sawa?

Mkulima_Njoro
Tundu liko mita moja kutoka katikati, upande wa bomba la kutolea. Leo nimechukua mpira wa maji wa mwashi, nikapima mwisho hadi mwisho. Upande huo umeshuka sentimita 3.6.

Mpima_Kisumu
Hapo sasa. Mteremko ni sentimita 1.5 kwa kila mita, na tundu liko mita moja upande wa chini. Fimbo yako inasoma 1.5 zaidi kila siku. Ilipoonyesha 60 ilikuwa 58.5, ilipoonyesha 30 ilikuwa 28.5. Weka hizo kwenye fomula: 1,314 na 494. Zilizotoka 820.

Kilichobaki hakikuwa 531, umepungukiwa lita 37 ambazo hazikuwahi kuwepo. Lakini matumizi yamebadilika kwa lita 6 tu, kwa sababu kosa liko pande zote mbili.

Trekta_Moja
820 kwa 815. Bado lita 5.

Mpima_Kisumu
Lita 5 hapo ni milimita 2 za fimbo. Nani anasoma milimita 2 kwenye mti uliolowa dizeli? Paka chaki uone mstari vizuri, lakini hata hivyo usimshike mtu kwa lita 5.

Fundi_Kakamega
Na vichwa vya tangi? Hajasema kama vimefura.

Mkulima_Njoro
Vimefura kidogo, nimeweka ubao nikaona mwanya wa kama vidole viwili katikati. Sijui ni lita ngapi. Nitatumia fomula na kutoa 1.5 hadi dizeli iishe mwezi ujao, halafu Fundi utaniambia bei ya kuja Njoro na hicho chombo cha shingo. Dereva nimemwita jana jioni. Hakusema kitu, aliomba tu kwamba siku nyingine tudipu wote wawili na tuandike wote wawili.