PowerPoint au CapCut kwa picha za miaka 40 ya ndoa ya wazazi?

Nyota_Njoro: Hamjambo wanajukwaa. Wazazi wangu wanatimiza miaka 40 ya ndoa, nami nimekabidhiwa kazi ya kuandaa picha zitakazoonyeshwa ukumbini hapa Nakuru pamoja na muziki. Ningependa zilingane kwa umbo, zibadilike taratibu na zifuate mapigo ya wimbo. Nitumie ipi kati ya hizo mbili?

FundiMilimani: Dada, hujatueleza picha ni ngapi, kama ni za wima au za ulalo, wala kasi ya wimbo. Bila hayo tutakuwa tunabahatisha.

Kijana_Kakamega: CapCut bila shaka, kwa kuwa inayatambua mapigo yenyewe.

MamaKondele: Katika sherehe yetu hapa Kisumu, tuliyemlipa alizijaza picha zote kwenye skrini pana bila kuzikagua. Picha ya marehemu mama mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni, ilionyesha kifua na mkoba tu, na ukumbi mzima ukaanza kunong'ona. Mzee aliinuka akatoka nje, na hadi leo hataki kuiona video ile. Mimi ningechapisha albamu.

Nyota_Njoro: Pole sana, mama. Picha ni 40, nusu yake za wima, zilizotolewa kwenye albamu za zamani. Wimbo una mapigo 80 kwa dakika.

FundiMilimani: Yaliyompata mama yana sababu: picha ya wima ya 2:3 ikijazwa kwenye skrini ya 16:9 hubakiza chini ya asilimia 40 ya urefu wake. Kata za ulalo zote kwa 4:3 na za wima kwa 3:4, uzipe kimo kimoja juu ya mandhari ya rangi moja, na macho ya watu yakae karibu na theluthi ya juu.

Kuhusu muziki, mapigo 8 ya wimbo wako ni sekunde 6 kamili. Katika PowerPoint, muda wa mpito wa `Fade` hujumlishwa na muda wa kusubiri wa `After`. Kwa hiyo ukiweka `Fade` ya 1.50, `After` iwe 4.50. Ukiandika 6 kwenye `After`, kila picha itachelewa sekunde moja na nusu, yaani mapigo mawili, na kufikia picha ya kumi zitakuwa zimechelewa zaidi ya sekunde kumi. Mwishowe hamisha kazi yote iwe video ya MP4, maana kompyuta dhaifu hukwama katikati ya onyesho.

Kijana_Kakamega: Hesabu yote hiyo ya nini, ilhali CapCut huweka alama yenyewe?

FundiMilimani: Huweka alama, ndugu, lakini ukizifuata zote picha zitakimbia kama tangazo la biashara. Itakubidi uchague moja kwa kila nane.

Nyota_Njoro: Wimbo ni wa dakika tatu na nusu, na picha 40 zinahitaji dakika nne.

FundiMilimani: Basi ondoa tano.

Nyota_Njoro: Ndugu zangu wote wamo humo, na kila mmoja amekwisha kuhesabu picha zake.

Kijana_Kakamega: Rudia kiitikio.

MamaKondele: Au ubadilishe wimbo. Kwani mama yako aliuchagua mwenyewe?