Tani za GLD zinashuka, bei ya dhahabu inapanda. Nisubiri au nitoke?

Kijana wa Buza (Machi 2024): Wakuu, naombeni ushauri, usingizi sina. Tangu Januari nafuatilia ule mfuko mkubwa wa dhahabu wa New York, GLD. Kila siku unatangaza una tani ngapi ghalani. Mwaka ulianza ukiwa na karibu tani 880, sasa ziko kama 820. Kwa akili yangu, tani 60 zikitolewa ina maana wanunuzi wamekimbia na bei lazima ianguke. Lakini bei imevuka dola 2,150 kwa aunsi! Hizi tani bado ni kipimo cha kuaminika?

Nyamongo Juu: Huku kwetu bei inapanda kila ukienda soko la madini. Juzi nimeuza gramu zangu na mnunuzi hakuniuliza habari za New York. Nunua dhahabu yenyewe, uishike mkononi.

Mzee wa Vipande: Kijana, hizo ni ada tu. Dhahabu haizai, kwa hiyo mfuko huuza kidogo kidogo kulipia gharama zake. Mimi nina vipande vya UTT miaka mingi, najua mifuko inavyokwenda.

Bint Saidi: Mzee wangu, ada ipo, ila tupige hesabu. GLD inatoza 0.40% kwa mwaka. Kwenye tani 850 hiyo ni tani 3.4 mwaka mzima, yaani robo tani na ushee kwa mwezi. Kwa hiyo ukiona zimepungua tani 0.3, usishtuke. Tani 60 ndani ya wiki kumi ni watu wanaotoka.

Tena haufanani na UTT. UTT ukinunua kipande, kinatengenezwa kipya. Cha GLD unakinunua kwa mwenzako sokoni, ghala haliguswi. Wauzaji wakizidi mpaka kipande kikawa rahisi kuliko dhahabu iliyo nyuma yake, benki kubwa hukusanya vipande laki moja laki moja, huvirudisha kwenye mfuko na kuchukua dhahabu. Hapo ndipo tani hushuka. Mleta mada, kipimo hakijakudanganya. Wewe umeshaingia upande gani?

Kijana wa Buza: Swali langu lilikuwa la tani tu, dada.

Bint Saidi: Mtu asiyeingia sokoni hulala usingizi wake vizuri.

Kijana wa Buza: Sawa. Mwishoni mwa Februari niliuza XAUUSD, yaani dhahabu kwa dola, kwa 2,040, loti 0.10, nikitegemea bei ishuke. Sasa bei iko 2,170, nimeshapoteza kama dola 1,300. Ila sikubahatisha! Mwaka 2013 ghala lilitoka tani 1,350 likaishia chini ya 800, na bei ikaanguka zaidi ya robo. Historia iko upande wangu, nasubiri tu.

Bint Saidi: Ya 2013 ni kweli kabisa. Lakini wakati ule anayetoka GLD ndiye aliyekuwa na uzito sokoni. Benki kuu za nchi mbalimbali zilinunua zaidi ya tani 1,000 mwaka 2022, na 2023 zikarudia. Dhahabu hiyo haipiti GLD. Wachina wanaonunua vipande vya dhahabu madukani nao huwaoni humo. Wewe unatazama dirisha moja la nyumba na kuamua kuwa hamna mtu ndani. Na mara nyingi bei ndiyo hutangulia, tani zikafuata.

Mama Upendo: Mwanangu, hizo dola ni zako?

Kijana wa Buza: Ni za kikoba. Mimi ndiye mweka hazina. Milioni tano. Mgao ni mwezi wa nne, nilitaka nizizungushe tu nizirudishe na faida.

Mama Upendo: Kuna mwanamke ameuza vitumbua mwaka mzima kujaza hicho kikoba. Waambie wenzio leo, kabla ya siku ya mgao.

Jicho Kali: Hii chai. Mweka hazina wa kikoba cha Buza anajua tani za GLD kwa siku? Kesho atafungua kundi la Telegramu atuuzie mafunzo.

Mzee wa Vipande: Hata mimi nimeanza kuhisi. Alianza na tani, mara loti, mara kikoba.

Kijana wa Buza: Siuzi chochote. Jedwali la tani liko wazi mtandaoni, mtu yeyote analiona. Nilificha kwa sababu naona aibu.

Bint Saidi: Chai au si chai, hesabu ni ileile. Kuna dola kama 700 zimebaki na umeuza aunsi 10. Bei ikipanda dola 70 akaunti imekwisha, na dalali atakufungia kabla hata ya hapo. Kuhusu tani, jumlisha na za mifuko mingine, maana wengine huhama GLD kwenda yenye ada ndogo, na hao hawajaiacha dhahabu. Mimi binafsi sijui lini waliotoka watarudi.

Kijana wa Buza: Nimefunga nusu. Nusu naiacha mpaka Ijumaa.

Bint Saidi: Ijumaa kuna nini?